RCD ya juu na RCD ya chini: kwa nini chumba cha kompyuta kinazima jengo zima

Mwalimu wa TEHAMA alinieleza shida yake kwa sentensi moja: "Fundi, umeme ukikatika hatuna neno, kazi ni ukirudi." Kila ukirudi, swichi ya RCD, ile inayokata umeme ukivuja, ilikuwa inakata. Siku nyingine ilikata ile ya chumba cha kompyuta, siku nyingine ile ya bodi kuu, na hapo ofisi, fotokopi na chumba cha walimu navyo vikazimika. Mafundi wawili walikuwa wamepita kabla yangu. Wa kwanza alibadilisha RCD, wa pili akaitilia shaka kompyuta moja na kuitoa. Shida ikarudi wiki hiyohiyo.

Hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa. Moja ni RCD kukata ilhali hakuna kitu kilichoharibika. La pili ni RCD isiyohusika kukata badala ya inayohusika. Yanakuja pamoja, ila kila moja lina dawa yake.

RCD haipimi umeme unaotumika. Inalinganisha mkondo unaotoka kwa fezi na unaorudi kwa nyutro. Vikilingana, hata kama ni ampia 40, imetulia. Kikipungua kinachorudi, maana yake kuna kiasi kimepita njia nyingine: kwenye waya wa ethi, ukutani, au mwilini mwa mtu. RCD iliyoandikwa mA 30 haitakiwi kukata chini ya mA 15, na ni lazima iwe imekata ikifika mA 30. Kati ya 15 na 30 hakuna ahadi. Moja itakata kwenye 19, jirani yake kwenye 26, na zote mbili ni nzima. Ndiyo maana kubadilisha RCD wakati mwingine kunaonekana kumetibu tatizo, kumbe umebahatika kupata moja yenye mkono mzito kidogo.

Sasa njoo kwenye kompyuta. Ndani ya pawasaplai, pale waya unapoingilia, kuna kichujio cha kuzuia kelele za umeme zisitoke kwenda kwenye nyaya za umeme za jengo. Kichujio hicho kina kapasita ndogo zilizofungwa kati ya fezi na ethi, na kati ya nyutro na ethi. Kapasita kwenye umeme wa AC hupitisha mkondo, hivyo kila kompyuta nzima inamwaga kidogo ardhini muda wote. Hesabu yake ni fupi:

```
I = 2 × π × f × C × V
I = 2 × 3.14 × 50 Hz × 4.7 nF × 230 V ≈ 0.34 mA
```

Hiyo ni kapasita ya fezi kwenye kifaa kimoja; ile ya nyutro haichangii kitu cha maana kwa sababu nyutro iko karibu sawa na ardhi. Boksi la kompyuta lina yake, na skrini yenye plagi ya pini tatu ina yake. Nilipopitisha fezi na nyutro kwa pamoja ndani ya mdomo wa klampu ya kupimia mvujo, seti moja ilisoma mA 0.7. Ni mkondo wa kawaida kabisa, mtengenezaji aliupanga uwepo. Tena kuzima kompyuta kwa kitufe chake hakuuondoi, maana kichujio kiko mwanzo wa njia. Maadamu plagi ipo na soketi ina moto, mvujo upo.

Chumba kile kilikuwa na seti 32. Zidisha kwa 0.7, unapata mA 22.4, zote zikipita kwenye RCD moja ya mA 30. Umeshaingia kwenye lile eneo lisilo na ahadi kabla mtu hajaharibu chochote. Na bodi kuu nayo ilikuwa na RCD ya mA 30 hiyohiyo, ambayo juu ya kompyuta zile ilibeba fotokopi na vifaa vya ofisi, kama mA 3 nyingine. Kwa hiyo ya juu ilikuwa inaona mA 25.4 wakati ya chini inaona 22.4. Angalia ubaya wake: iliyo mbali zaidi na kompyuta ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na kukata.

Na kwa nini umeme ukirudi? Kwa sababu kapasita zote ni tupu, na zote zinapigwa na V 230 kwa wakati mmoja, pengine wimbi likiwa kileleni. Kwa muda mfupi sana kila moja inavuta mkondo mkubwa kuliko ule wa kawaida, na sehemu yake inakwenda ardhini. Zikiwashwa moja moja husikii kitu. Zikiamka 32 kwa mpigo, RCD ambayo tayari ina mA 22 mgongoni haihitaji kusukumwa sana.

Mtu anawezaje kujua kama ni mvujo wa jumla au kuna kifaa kibovu? Chomoa plagi zote. Usiishie kuzima soketi, kwa sababu swichi nyingi za soketi hukata fezi tu na kuiacha nyutro imeungana na kichujio. Kisha chomeka moja baada ya nyingine. Kama kuna kompyuta inayokatisha popote unapoichomeka, hata ikiwa peke yake, hiyo ni mbovu. Lakini kama RCD inakata ukifika ya 27 au ya 28, na ukibadilisha mpangilio inakata tena palepale kwa kompyuta tofauti, basi ni jumla. Fundi aliyenitangulia alianza mlangoni na kuishia dirishani, na ile ya dirishani ndiyo ikapewa kesi. Na kama RCD inakata hata plagi zote zikiwa nje, achana na kompyuta, shika mega, kile kipima insulesheni, ukapime nyaya. Hapo mara nyingi utakuta nyutro imegusa ethi mahali, na kushusha breka ndogo hakutakusaidia, kwa kuwa breka ya kawaida inakata fezi tu.

Kuna "dawa" mbili za mtaani ambazo sizikubali. Ya kwanza ni kukata pini ya ethi kwenye plagi. Ni kweli RCD itanyamaza, maana mvujo umekosa njia. Lakini zile kapasita mbili sasa zinagawana umeme, na boksi la chuma la kompyuta linabaki na karibu V 115 likielea. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo ule mchomo unaosikia ukigusa nyuma ya kompyuta bila viatu. Unganisha kompyuta kumi kwa ethi ya ekstensheni ambayo haifiki ardhini, na michomo yote kumi inatafuta mkono wa mwanafunzi mmoja. Ya pili ni kuweka RCD ya mA 100 badala ya mA 30 kwenye soketi. Hiyo haitakata tena, ila pia haitamwokoa mtu. mA 30 ndicho kiwango kinachowekwa kwa ajili ya mwili wa binadamu.

Dawa yenyewe ni kugawa. Kanuni inayotumika ni kwamba mvujo wa kawaida usizidi asilimia 30 ya kiwango cha RCD, yaani mA 9 kwa ile ya mA 30. Kwa seti za mA 0.7, hiyo ni seti 12 mwisho. Tulivunja sakiti moja kuwa nne, kila moja seti 8, ambazo ni mA 5.6, na kila sakiti ikapata RCBO yake ya mA 30, yaani breka na RCD ndani ya kifaa kimoja. Tulichagua zile za aina A, ambazo usoni zina alama ya wimbi kamili na chini yake nusu mawimbi. Zilizokuwepo zilikuwa aina AC, zenye wimbi kamili peke yake. Kompyuta hugeuza AC kuwa DC, na hitilafu ndani yake inaweza kutoa mkondo wa nusu mawimbi ambao aina AC huenda isiuone.

Lakini kugawa chini hakutoshi kama juu imebaki mA 30. Hapo ndipo linakuja suala la RCD kupangana: iliyo karibu na hitilafu ikate, ya juu ingoje. Wengi hudhani kuweka namba kubwa juu kunatosha. Chukua mtu mwenye ukinzani wa takriban ohmu 1000 aliyeshika fezi ya V 230. Zinapita mA 230. Ni nyingi kwa RCD ya mA 30, na ni nyingi pia kwa ya mA 100. Zote mbili zimeona, zote zinaanza kukata, na atakayeshinda mbio hizo hajulikani. Ya juu inahitaji pia kucheleweshwa. Hiyo ndiyo aina yenye herufi S ndani ya kiboksi usoni. Kwa mkondo ulio mara tano ya kiwango chake, RCD ya kawaida lazima iwe imekata ndani ya milisekunde 40, ilhali aina S haitakiwi kuanza kabla ya milisekunde 50. Kwa mikondo midogo S husubiri zaidi. Kwa hiyo juu panatakiwa vitu viwili kwa pamoja: kiwango kisichopungua mara tatu ya cha chini, na herufi S. Tuliweka mA 100 aina S. Asilimia 30 yake ni mA 30, nasi tulikuwa na 25.4.

Siku ya kuwasha, sakiti tatu zilitulia na ya nne ikakata mara tu kompyuta ya kwanza ilipowaka. Nilikuwa nimeisahau nyutro yake kwenye baa ya zamani ya pamoja. RCBO iliona mkondo unatoka na haurudi, na kwa hesabu hiyo hata taa ya wati 7 ingetosha kuikatisha. Kila RCBO lazima irudishiwe nyutro yake yenyewe. Dakika tano za bisibisi, ikakaa.

Mwaka uliofuata shule ilipata seti 12 zaidi. Sakiti ya tano ikabeba mA 8.4, bado chini ya 9. Juu, jumla ikapanda hadi 33.8, ikapita asilimia 30 ya mA 100, kwa hiyo tulipanda hadi mA 300 aina S. Kabla ya kufanya hivyo ilibidi nipime ethi rodi upya. Shule ile inategemea rodi yake yenyewe, na ukinzani ukizidishwa na kiwango cha RCD usivuke V 50. Kwa mA 100 unaruhusiwa hadi ohmu 500. Kwa mA 300 ni 166 tu. Nilipima mwisho wa kiangazi, udongo umekauka, nikapata 140, karibu mno na mpaka, nikaongeza rodi ya pili.