"Nimekutumia pesa kimakosa": dhana potofu na ukweli

Dhana: Meseji imesema nimepokea pesa, basi nimepokea.

Meseji ni maandishi, na maandishi yeyote anaweza kuyaandika. Ya kweli kutoka M-Pesa hapa Kenya huingia chini ya jina MPESA, pamoja na zile ulizopata jana na juzi. Ya tapeli mara nyingi hutoka kwa namba ya kawaida, au kwa jina linalofanana kidogo tu, pengine herufi O imebadilishwa kuwa sifuri. Ndani yake kuna kila kitu: namba ya muamala, jina la mtumaji, tarehe, saa. Asichokijua tapeli ni salio lako.

Tuseme mama anayeuza mboga ana shilingi 1,240 kwenye simu. Inaingia meseji kwamba amepokea 3,500. Dakika moja baadaye simu inalia: "Samahani mama, hiyo pesa ilikuwa ya dawa ya mtoto, nimekosea namba moja tu. Nirudishie hata 3,000, hiyo nyingine ukunywe chai." Kama pesa imeingia kweli, salio linapaswa kuwa 4,740. Kama meseji inasema 6,915, au haitaji salio kabisa, basi imetungwa. Hata hivyo asiitegemee meseji. Akate simu, aingie kwenye menyu ya M-Pesa au abonyeze *334#, aangalie salio mwenyewe. Kukata simu ni muhimu, maana kazi ya kile kilio cha huruma ni kuhakikisha hupati nafasi ya kuangalia.

Dhana: Kama pesa haikuingia, sitaweza kuirudisha, kwa hivyo sina cha kupoteza.

Mwenye salio la kutosha atakuwa ametoa pesa yake mwenyewe bila kugundua. Asiye nalo ana Fuliza. Mama wetu mwenye 1,240 akijaribu kutuma 3,000, na amejiunga na Fuliza, mfumo utamuuliza kama umjazie kiasi kilichopungua. Wengi hukubali haraka haraka kwa sababu mtu analia masikioni. Swali hilo la Fuliza lenyewe ni ushahidi: kama 3,500 zingekuwa zimeingia, lisingeulizwa. Akikubali, anabaki bila akiba, na juu yake deni.

Dhana: Nimeangalia salio, pesa ipo kweli. Sasa niitume tu, nisije nikaitwa mwizi.

Hapa ndipo hata watu waangalifu huanguka. Kuna anayetuma pesa halisi, kisha anakuomba uirudishe, mara nyingi kwa namba nyingine ("ile laini yangu ina shida"). Ukishatuma, anaomba kampuni imrudishie ule muamala wa kwanza. Ombi lake likikubaliwa, pesa imetoka kwako mara mbili. Inawezekana pia kwamba pesa hiyo imeibwa kwa mtu mwingine, nawe umetumiwa kama njia ya kuipitisha.

Aliyekosea kweli ana njia yake: anapeleka ile meseji ya muamala kwa 456, na Safaricom inashughulikia. Mwambie hivyo kwa adabu, usiiguse pesa, ukae. Mkweli atafuata njia hiyo. Tapeli ataanza kukutisha kwa polisi, kwa sababu njia hiyo haimfaidi.

Dhana: Hajaniomba PIN, basi si tapeli.

Haihitaji. Katika mchezo huu wewe ndiye unayebonyeza PIN yako, kwa mkono wako mwenyewe.

Dhana: Meseji za zawadi ni rahisi kuzitambua, huomba pesa ya usajili.

Nyingi ndiyo, na droo usiyoshiriki huwezi kuishinda. Lakini wapo wasioomba hata shilingi. Anasema umeshinda, kisha: "Ili kuthibitisha zawadi, bonyeza **21* halafu namba nitakayokusomea, umalizie na #." Hiyo si namba ya zawadi, ni amri ya kuelekeza simu zako zote kwa namba yake. Baada ya hapo, simu ya kusoma namba ya siri ya kufungulia WhatsApp yako kwenye simu nyingine inampata yeye. Ukiwa na shaka, bonyeza *#21# uone kama kuna namba imewekwa, na ##002# kufuta uelekezaji wote wa simu.

Na kama anayepiga anadai ni wa Safaricom, angalia namba: wao hupiga kutoka 0722 000 000.

Dhana: Nikishatuma, imekwisha.

Si lazima, ila saa ni adui, kwa kuwa tapeli hukimbilia kwa wakala kutoa. Peleka meseji yako ya muamala kwa 456 papo hapo, kabla ya kumpigia simu yeyote kulalamika. Kama pesa bado iko kwenye laini yake, inaweza kuzuiwa. Ikiwa imeshatolewa, linabaki suala la polisi, na hapo uhifadhi meseji zote, usifute hata moja. Ile meseji ya uongo nayo ipeleke kwa 333, pamoja na namba iliyoituma.