Namba ya msafiri kwanza, pasipoti baadaye: ninavyoandikisha msafara wa umra

Ninaandikisha vikundi vya umra hapa Dar es Salaam, na fomu yangu ya kwanza ilikuwa na kosa ambalo sikuliona hadi msafara wa pili: nilimtambua kila msafiri kwa namba ya pasipoti yake. Mzee mmoja alilipa awamu ya kwanza, kisha akabadilisha pasipoti kwa kuwa ya zamani ilikaribia kwisha muda, na alipoleta mpya akawa watu wawili katika daftari langu, mmoja aliyelipa lakini pasipoti yake imekufa, na mwingine mwenye pasipoti nzima asiyelipa hata shilingi. Tangu hapo kila anayejiandikisha hupewa namba ya msafiri, kwa mfano U-07, ambayo haibadiliki hata akibadilisha pasipoti, chumba au simu.

Taarifa za pasipoti siziandiki kwa kusomewa. Anayeitwa Hamisi mtaani huenda ni KHAMIS kwenye pasipoti, na Zuena akawa ZUWENA, ilhali tiketi na viza hufuata pasipoti peke yake. Kwa hiyo ninataka kuiona yenyewe, ikiwa na uhai wa miezi sita au zaidi baada ya siku ya kurudi. Masharti ya viza huhesabu tangu siku ya kuingia, lakini mimi napenda kubaki na nafasi, maana tarehe za safari husogezwa.

Kisha ninanakili mistari miwili iliyo chini ya ukurasa wenye picha, ile iliyojaa alama za `<`, yenye nafasi 44 kila mmoja. Mstari wa pili una tarakimu za uhakiki zinazofichua kosa la kunakili. Pasipoti inayokwisha tarehe 14 Machi 2027, kwa mfano, huonyesha `2703143`: mwaka, mwezi, siku, na ile 3 ya mwisho ni ya uhakiki. Zidisha tarakimu sita za kwanza kwa 7, 3, 1, kisha tena 7, 3, 1, ujumlishe: 14 + 21 + 0 + 21 + 3 + 4 ni 63, na ukigawa kwa 10 hubaki 3. Ikibaki nyingine, umenakili vibaya. Mstari wa kwanza, wenye majina, hauna uhakiki wa namna hiyo, ndiyo maana kwangu husomwa na watu wawili, mmoja akitaja herufi na mwingine akifuatisha kwa kidole.

Ugomvi mwingi, hata hivyo, hutoka vyumbani. Watu huchagua chumba cha watu wanne kwa sababu ya bei, bila kufikiri kwamba bei hiyo inategemea vitanda vyote vinne kupata mtu. Tuchukulie chumba ni dola 80 kwa usiku, kwa usiku 10, yaani dola 800: wakilala wanne kila mmoja hulipa 200, wakilala watatu ni karibu 267, na wawili ni 400. Sasa wanawake 13 wote wamechagua vyumba vya wanne. Vyumba vitatu vinajaa, na wa kumi na tatu anabaki peke yake na deni la dola 800. Vyumba vinne ni lazima kwa vyovyote, hivyo ninawapanga wanne, watatu, watatu na watatu, na gharama yote ya dola 3,200 wanaigawana sawa, takriban dola 246 kila mmoja. Jambo hili ni lazima liandikwe kwenye fomu na kutiwa saini kabla ya fedha yoyote kupokelewa, kwa sababu anayeambiwa baadaye huona ameongezewa bei kwa hila. Nafasi ya "ningependa kulala na nani" ninaihesabu tu pale wote wawili walipotajana. Bi mkubwa mmoja alitajwa na watu watano, yeye akamtaja binti yake tu.

Kwa sababu hiyo awamu zangu hufuata kazi, wala si mwisho wa mwezi. Kianzio hupokelewa pasipoti ikishaonekana. Awamu ya pili hulipwa orodha ya vyumba ikishafungwa, kwani hapo ndipo bei ya kila mtu inapojulikana, na ya tatu hukamilika kabla ya tiketi kukatwa. Malipo mengi huja kwa simu ya mtoto au mkwe, na ujumbe wa malipo huonyesha jina la mwenye simu, si la msafiri. Mlipaji huandika U-07 katika sehemu ya kumbukumbu; akisahau, fedha ninaiandika kwenye ukurasa wa "haijatambuliwa" na kumpigia simu siku hiyohiyo. Sikisii kwa jina la ukoo, kwa maana msafara uliopita ulikuwa na akina Juma wanne.