Fibroidi: uliza iko wapi kabla ya kuuliza ina sentimita ngapi

Ripoti ya ultrasaundi ya nyonga yenye fibroidi, yaani uvimbe unaoota kwenye msuli wa kizazi, ikifika mkononi, macho ya wengi hukimbilia namba. "Nina fibroidi ya sentimita saba, natakiwa kukatwa lini?" Anayefuata anasema yake ni ya sentimita mbili tu, kwa hiyo si kitu. Wote wawili huenda wamekosea, na chanzo ni kilekile: wamesoma ukubwa wakaruka mahali. Dhana hii nimeisikia mno, kwa wagonjwa na hata kwa baadhi ya wanaowaandikia vipimo, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi kuliko nyingine.

Dhana: fibroidi kubwa ndiyo yenye madhara, ndogo haina neno

Ukweli ni kwamba mahali ilipokaa fibroidi ndipo panapoamua dalili nyingi, hasa damu na ugumba. Ukubwa unakuja baada ya hapo.

Kizazi kina tabaka tatu: utando wa ndani unaotoka kama hedhi, msuli mnene katikati, na utando mwembamba wa nje. Fibroidi huota kwenye msuli, kisha huweza kusukuma kuelekea ndani, kubaki katikati, au kujitokeza nje. Ile inayosukuma ndani huitwa sabmukosa. Inavuruga uwazi wa kizazi na utando wake, ndiyo maana hata ikiwa ndogo inaweza kumwaga damu hadi mtu akaishiwa. Inayobaki katikati ya msuli ni intramura. Inayojitokeza nje ni sabserosa, na hiyo kwa kawaida haina habari na hedhi. Ikisumbua, husumbua kwa kubana kibofu au utumbo, au kwa uzito wake.

Tangu mwaka 2011 Shirikisho la Kimataifa la Madaktari wa Wanawake na Uzazi, FIGO, lina mpangilio wa namba kuanzia 0 hadi 8. Huna haja ya kuukariri wote. Aina 0 inaning'inia ndani ya uwazi kwa kikonyo. Aina 1 ina chini ya nusu yake ndani ya msuli, sehemu kubwa iko kwenye uwazi. Aina 2 ni kinyume chake: nusu au zaidi imezama kwenye msuli. Aina 3 imezama yote lakini inagusa utando wa ndani, na aina 4 imezungukwa na msuli pande zote. Aina 5, 6 na 7 zinaelekea nje hatua kwa hatua, ya 7 ikiwa na kikonyo nje ya kizazi. Aina 8 ni zile za mahali pengine, kama kwenye mlango wa kizazi. Fibroidi inayogusa ndani na nje kwa pamoja huandikwa namba mbili, kwa mfano 2-5.

Sasa chukua mwanamke wa miaka 36 anayebadilisha pedi kila saa siku tatu za mwanzo, hemoglobini yake 7.9. Ripoti ya kwanza inasema: "Kizazi kimekuwa kikubwa, kina fibroidi nyingi, kubwa kuliko zote sm 6.8." Basi. Kwa ripoti hiyo, kila mtu atatazama ile ya sentimita 6.8 na kuanza kuzungumzia upasuaji wa kufungua tumbo.

Kipimo kinarudiwa kwa njia ya uke, kibofu kikiwa tupu. Ile kubwa iko kwenye kilele cha kizazi, ina sm 6.8 × 6.1 × 5.9, na zaidi ya nusu yake imetokeza nje: aina 6. Utando wa ndani chini yake umenyooka, haukuguswa. Lakini kwenye ukuta wa nyuma, katikati ya kizazi, mstari mweupe wa utando unapinda kuzunguka duara dogo la sm 2.2 × 2.0 × 1.9. Pembe kati ya duara hilo na ukuta ni kali, chini ya digrii 90, ishara kwamba sehemu kubwa iko ndani ya uwazi: aina 1. Ukipiga hesabu ya ujazo, yaani vipimo vitatu vikizidishwa pamoja kisha mara 0.523, ile kubwa ina takriban sentimita za ujazo 128 na ndogo 4.4. Kubwa inaizidi ndogo karibu mara 29, na bado mtuhumiwa wa kwanza wa damu ni ile ndogo.

Tofauti hii inabadilisha matibabu yote. Ile ya aina 1 inaweza kuondolewa kwa kamera inayopitishwa ukeni hadi ndani ya kizazi, bila kukata tumbo. Ile ya aina 6, kama haibani kibofu wala haimsumbui mwenyewe, inaweza kuachwa na kufuatiliwa. Angefunguliwa tumbo kwa ajili ya ile kubwa peke yake, angerudi nyumbani na kovu na damu ileile.

Ripoti iliyostahili kuandikwa inasomeka hivi:

"Kizazi kimeinamia mbele. Fibroidi mbili zimeonekana. F1: kilele, sabserosa, FIGO 6, sm 6.8 × 6.1 × 5.9, haigusi utando wa ndani. F2: ukuta wa nyuma katikati, sabmukosa, FIGO 1, sm 2.2 × 2.0 × 1.9, inapotosha uwazi wa kizazi. Msuli uliobaki kati yake na utando wa nje mm 11. Utando wa ndani mm 8. Ovari zote mbili zimeonekana na ni za kawaida. Hakuna maji nyuma ya kizazi."

Zile milimita 11 si pambo. Daktari atakayeingiza kamera anahitaji kujua msuli uliobaki nyuma ya fibroidi una unene gani. Ukishuka chini ya milimita 5, hatari ya kutoboa kizazi inapanda na wengi watasita. Fibroidi ya sabmukosa iliyoandikwa bila kipimo hicho inamrudisha mgonjwa kupimwa tena.

Mahali pa fibroidi panakosewa kwa sababu zinazojulikana. Anayepima kwa juu ya tumbo peke yake mara nyingi hauoni vizuri mstari wa utando wa ndani, hasa kizazi kikiwa kimeinamia nyuma. Wakati wa kupima nao una uzito. Nusu ya pili ya mzunguko utando huwa mnene na mweupe, kwa hiyo fibroidi nyeusi inayousukuma huonekana wazi. Mara tu baada ya hedhi utando ni mwembamba na mpaka hupotea kirahisi. Ukibaki na shaka kati ya aina 2 na 3, maji safi ya chumvi kidogo yakiingizwa ndani ya kizazi wakati wa kupima hutenganisha kuta mbili na jibu linaonekana. Na mpimaji asipozungusha kifaa kwa mkato wa urefu na wa upana, fibroidi ya pembeni itaonekana kama iko katikati.

Ushauri wangu ambao siuachi: ripoti yenye fibroidi zaidi ya moja iambatane na mchoro wa kizazi, kila fibroidi na namba yake. Hata wa kalamu unatosha. Daktari wa upasuaji huutazama mchoro kabla ya kusoma aya yoyote, na atakayepima mwakani atajua F2 ni ipi.

Dhana: dawa imeyeyusha uvimbe, ulikuwa 5.5 sasa ni 5.0

Hii ndiyo biashara ya wauza dawa za kuyeyusha uvimbe, na inaudhi kwa sababu watu wanalipa fedha nyingi kwa tofauti ya vidole vya mpimaji. Fibroidi si mpira kamili. Ukiikata kwa pembe tofauti kidogo, au mmoja akiweka alama kwenye ukingo wa nje na mwingine ndani yake, milimita tano zinaondoka bila chochote kubadilika. Kwa ujazo, 5.5 kila upande ni sentimita za ujazo 87, na 5.0 ni 65. Kwenye karatasi robo nzima imetoweka, na fibroidi iko palepale. Hesabu hiyohiyo ikienda kinyume humtisha mtu kwamba uvimbe unakua kwa kasi.

Kulinganisha kunataka njia ileile ya kupima, fibroidi ileile, na vipimo vitatu badala ya kimoja. Fibroidi nyingine hupungua zenyewe baada ya kujifungua, na baada ya kukoma hedhi, bila dawa ya mtu yeyote.

Dhana: ripoti inasema "kizazi cha wiki 14", kwa hiyo kuna mimba

Hapana. Ni namna ya kueleza kwamba kizazi, pamoja na fibroidi zake, kimefikia ukubwa wa kizazi chenye mimba ya wiki hizo. Wapimaji wenzangu, andikeni sentimita. Lugha ya wiki inafaa mkono unaopapasa tumbo. Na maneno "kizazi kimekuwa kikubwa" yakisimama peke yake hayamsaidii mtu. Kizazi kikubwa chenye msuli uliochanganyika mweusi na mweupe, usio na mpaka unaofuatika na wenye vishimo vidogo vya maji, kinaelekea kwenye adenomiosisi, yaani utando wa ndani ulioota ndani ya msuli, si fibroidi. Fibroidi ina mpaka, na kwa dopla, ultrasaundi inayoonyesha mtiririko wa damu, mishipa huizunguka ukingoni. Kwenye adenomiosisi mishipa hupita katikati.

Dhana: kipimo cha ukeni kinaona kila kitu

Kinaona karibu na kwa undani, lakini hakifiki mbali. Fibroidi iliyopanda kuelekea kitovuni inakatwa nusu kwenye picha, na ile ya kikonyo, aina 7, inaweza kupotea kabisa juu au kudhaniwa kuwa uvimbe wa ovari. Hapo unahitaji pia kupima kwa juu ya tumbo, kuitafuta ovari kando yake, na kuwasha dopla uone kama mishipa inavuka kutoka kwenye kizazi kuingia kwenye uvimbe huo. Ikivuka, ni fibroidi. Ovari ya upande huo isipopatikana na mishipa isionekane, ripoti iseme hivyo waziwazi na kupendekeza kipimo cha MRI.

Dhana: fibroidi isipotolewa hugeuka saratani

Saratani ya msuli wa kizazi ipo na ni nadra sana, na kwa kawaida huanza yenyewe badala ya kutokana na fibroidi ya zamani. Ultrasaundi haiwezi kuithibitisha wala kuiondoa kwa uhakika. Kinachotakiwa kuandikwa kwa herufi zinazosomeka ni uvimbe unaokua baada ya hedhi kukoma, au wenye umbo lisilo la kawaida, mishipa mingi katikati na maeneo yaliyooza ndani. Mwanamke huyo apelekwe kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake kabla mtu hajagusa kifaa cha kukatakata uvimbe ndani ya tumbo, kwa sababu kifaa hicho kinaweza kuisambaza.