Gauni la sentimita 98 na picha iliyopigwa kutoka juu

Wiki iliyopita dada mmoja wa Sinza kanitumia picha wasap kavaa gauni jipya la midi, akaniuliza, "dada mbona huku ndani ya gauni nimekuwa mfupi hivi na miguu imekuwa minene?" Gauni zuri tu, rangi imemkubali, kiuno kimekaa. Tatizo lilikuwa pindo, na lingeonekana kabla hajatuma hela maana kwenye tangazo waliandika urefu sentimita 98 kutoka begani.

Ila kwanza nikamrudishia picha. Mdogo wake kasimama karibu kabisa, simu usawa wa macho, kainamisha chini, na picha ya hivyo huwa inakuza kichwa na kufupisha miguu. Utaigundua kwa kuangalia fremu ya mlango nyuma yako, zile nguzo mbili zikiwa zimebanana kwa chini badala ya kwenda sambamba basi simu iliinamishwa na vipimo vyake sio vya kuamini. Nikamwambia simu iwe usawa wa kiuno chako, imesimama wima, mpigaji arudi nyuma kama mita 3, asitumie ile kamera ya 0.5, na wewe uwe peku, umevaa taiti na fulana ya kubana, nywele umebana juu, maana wigi likivimba linaongeza kichwa sentimita za bure.

Picha ya pili ikaja vizuri, nikaikuza kwenye kompyuta nikashika rula. Utosini hadi kisiginoni ilikuwa sentimita 14, na yeye urefu wake halisi ni 158, kwahiyo kila sentimita moja ya picha ni kama 11.3 za mwili wake. Kutoka utosini mpaka panapoanzia mapaja ilikuwa 7.4, kushuka chini 6.6. Watu wengi hapo huwa karibu nusu kwa nusu, kwahiyo yeye kiwiliwili ni kirefu kidogo kuliko miguu. Kwenye ile picha mbaya ilikuwa 7.9 kwa 6.1, yaani ningemshauri kama mtu mwenye miguu mifupi kweli kweli na ningemkosesha.

Sasa pindo. Begani pale shingo inapoanzia mpaka chini alikuwa na 11.6 kwenye picha, ambayo ni kama sentimita 131 za mwili. Toa 98 za gauni, pindo linaishia sentimita 33 kutoka sakafuni. Na shavu la mguu wake linapotanuka zaidi ni 2.8 kutoka sakafuni kwenye picha, yaani kama 32. Umeona? Pindo limekaa karibu juu ya sehemu nene kuliko zote, jicho la mtu linasimama hapohapo kwenye upana na mguu uliobaki chini unaonekana kipande kifupi. Pindo liishie pale mguu unapokuwa mwembamba, kwake ni chini kidogo ya goti, kama 40 kutoka chini, au karibu na kifundo. Fundi kapunguza sentimita 7 ikawa 91, basi. Angekuwa hajanunua ningemwambia atafute la 115.

Na kwa vile kiwiliwili ni kirefu, mshono wa kiuno ukae juu kidogo ya kiuno chake, suruali ziwe za kiuno cha juu na blauzi achomekee. Blauzi ndefu inayoishia kwenye nyonga inamvuta chini, hata kama kwa dada mwingine mwenye miguu mirefu ingependeza sana.

Shingo ya nguo nayo naisoma hapohapo. Yeye kidevu kiko karibu na mfupa wa shingo na mabega yamepita nyonga, kwahiyo shingo ya boti naikataa, inachora mstari wa kulala begani kwa begani na kumpanua. Shingo ya V inayoshuka vidole vitatu vinne chini ya mfupa wa shingo inamrefusha hapo juu, na sketi iliyotanuka kidogo kwa chini inasawazisha mabega.

Kuna kitu picha ya mbele haikuonyeshi, kifua na makalio. Hivyo vinakula urefu, gauni la 91 kwa mwenye kifua kikubwa linaweza kupanda sentimita 2 au 3 kwa mbele, kwa mwenye makalio linapanda nyuma, kwahiyo omba na picha ya ubavu. Na ukiwa unachagua mitumba pale Karume ambako hujaribu kirahisi, beba futi ya fundi, pima kutoka begani mpaka pindo, halafu linganisha na namba zako mbili ulizoziandika kwenye simu, ya chini ya goti na ya karibu na kifundo. Kwa huyu dada ni 91 na 115, na gauni likisoma kati ya 95 na 103 analirudisha kwenye meza, labda kama linaweza kukatwa na fundi likawa 91.