Jedwali la Miezi: Dhana Potofu Kuhusu Kulifanya Pana Kuwa Refu

Tuchukue jedwali la mvua lenye mistari 40, kila mstari ukiwa na kituo, mwaka, safuwima 12 za miezi kuanzia Januari hadi Desemba, na mwishoni safuwima ya Jumla.

Dhana: Kulirefusha jedwali ni kuligeuza tu ubavu.

Ukweli: Kitendo cha `TRANSPOSE` hubadilishana mistari na safuwima, na jedwali bado huwa pana. Kurefusha ni kurudia kituo na mwaka mbele ya kila mwezi, ili jina la mwezi litoke kwenye kichwa na kuwa data. Kwa hiyo mistari 40 mara miezi 12 huzaa 480, na hesabu hii ifanywe kabla ya kazi, kwa sababu ndiyo itakayofichua makosa.

Dhana: Programu inajua safuwima zipi ni miezi.

Ukweli: Haijui. Katika pandas, amri ifuatayo huchukua kila safuwima isiyotajwa katika `id_vars`:

```python
ndefu = pana.melt(
    id_vars=["Kituo", "Mwaka"],
    var_name="Mwezi", value_name="Mvua")
```

Hapa Jumla inageuka kuwa mwezi wa 13, mistari inafika 520, na anayejumlisha mvua ya mwaka anapata mara mbili ya ile iliyonyesha. Iondoe mapema kwa `pana = pana.drop(columns="Jumla")`. Ukiihitaji baadaye, ikokotoe upya.

Dhana: Hakuna kinachopotea, kwa kuwa data ni ileile.

Ukweli: Hili ndilo kosa ninaloliogopa zaidi, maana halitoi onyo lolote. `melt` huiacha seli tupu ibaki kama `NaN`, lakini Unpivot Columns ya Power Query huufuta mstari wote ambao thamani yake ni `null`. Ukipata mistari 473 badala ya 480, basi seli 7 zilikuwa tupu, na sasa hakuna alama ya kuonyesha kwamba vituo hivyo havikupima mvua katika miezi hiyo. Kuzijaza sifuri si dawa, kwani sifuri ni kipimo halali kinachosema kwamba mvua haikunyesha, nacho hushusha wastani. Kabla ya kurefusha, badilisha `null` kwa namba isiyowezekana, kama -999, kisha ukishamaliza irudishe kuwa `null`, tena kabla ya kukokotoa chochote.

Dhana: Miezi itabaki katika mpangilio wake.

Ukweli: Safuwima ya Mwezi sasa ni maandishi, na ikipangwa hufuata alfabeti: Agosti, Aprili, Desemba, Februari. Mpe kila mwezi namba yake, 1 hadi 12, kisha iunganishe na mwaka kupata tarehe ya kwanza ya mwezi, kama 2023-04-01, na upange kwa tarehe hiyo.