Maneno 58, na bado hatujui lori lilikwama kwa nini

Kazi yangu ni kusoma ripoti za watu wengine kabla hazijamfikia meneja. Niko Kampala, na ripoti nyingi zinazonijia ni za usafirishaji. Dereva ni wa Mombasa, karani ni wa Tororo, msimamizi wa ghala yuko Namanve, na lugha inayowaunganisha wote ni Kiswahili. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi Julai 2022, lakini njiani kati ya Mombasa na Kampala kilikuwa kikifanya kazi hiyo zamani.

Shida ni kwamba wengi wetu hapa Uganda tulijifunza kuandika ripoti kwa Kiingereza. Tukigeukia Kiswahili tunatafuta maneno mazito, maana tunahofia ripoti ikiandikwa kwa maneno ya kila siku itaonekana ya sokoni. Msomaji naye, ambaye nyumbani anaongea Kiganda au Kijaluo, analazimika kuisoma sentensi moja mara tatu.

Tazama hii. Niliipokea kwenye ripoti ya lori lililobeba mchele, na nimeiacha ilivyokuwa:

"Kutokana na changamoto mbalimbali zilizojitokeza katika mpaka wa Malaba ambazo zilisababisha ucheleweshwaji wa mzigo ambao ulitarajiwa kuwasili mapema, ukaguzi ulifanyika na ikabainika kuwa kulikuwa na hitilafu katika nyaraka ambayo ilirekebishwa baada ya mawasiliano kufanywa na wahusika, na hivyo kupelekea baadhi ya bidhaa kuathirika kwa kiasi fulani, ambapo hatua stahiki zinaendelea kuchukuliwa ili kuhakikisha hali kama hiyo haijirudii tena."

Sarufi yake haina kosa kubwa. (Wapo watakaokataa "kupelekea" kwa maana ya kusababisha, nami ni mmoja wao, lakini hilo si donda lake.) Ina maneno 58 na nukta moja. Ukimaliza kuisoma hujui lori lilikaa Malaba siku ngapi, nani alikosea, wala kilichoharibika ni nini.

Ripoti kama hiyo naihariri kwa mizunguko. Wa kwanza ni wa penseli. Nachapa ukurasa, halafu napiga mstari chini ya kila kitenzi. Miongozo ya Kiingereza hukwambia uhesabu maneno, na wengi hushauri sentensi ya wastani isizidi maneno 20 hivi. Kwa Kiswahili hesabu hiyo inadanganya, kwa sababu neno letu moja hubeba mengi. "Hatukuwafahamisha" ni neno moja, lakini ndani yake kuna mtendaji, wakati, ukanusho, mtendwa na tendo lenyewe. Kwa hiyo mimi nahesabu vitenzi. Vitatu kwa sentensi havinisumbui. Kikifika cha nne naanza kutafuta mahali pa kuweka nukta. Sentensi ile ya mchele ina vitenzi 15.

Mzunguko wa pili naufanya kwenye kompyuta. Nabonyeza Ctrl+F na kutafuta "amba", nikitanguliza nafasi moja ili nisiletewe namba, pamba na shamba. Kila "ambayo" na "ambapo" ni kiungo kilichomwezesha mwandishi kuendelea bila kupumua. Sentensi yetu inavyo vinne. Si kila "amba" ni mbaya, lakini zikiwa mbili ndani ya sentensi moja, ya pili karibu kila mara ilistahili kuwa sentensi inayojitegemea.

Kisha natafuta "fany". Hapa ndipo vitenzi vilivyogeuzwa nomino hujificha: "ukaguzi ulifanyika" badala ya "tulikagua", "mawasiliano kufanywa" badala ya "karani alipiga simu". Ukirudisha kitenzi mahali pake, sarufi yenyewe inakudai mtendaji. Huwezi kuandika "-likagua" bila kuchagua ni-, a-, tu- au wa-. Ndiyo maana naipenda hatua hii kuliko zote: kiambishi kinamuuliza mwandishi swali ambalo mimi ningeona haya kumuuliza.

Mzunguko wa tatu ni wa maneno ya ukungu. Nayazungushia duara, na pembeni naandika swali moja tu: nani, ngapi, lini au nini. Kwenye sentensi ile, "changamoto mbalimbali" ilipata nini, "mapema" ikapata lini, "wahusika" ikapata nani, "baadhi" na "kiasi fulani" zikapata ngapi, na "hatua stahiki" ikapata maswali mawili, nini na nani. Halafu sibuni majibu. Namrudishia aliyeandika.

Nilimpigia karani simu. Alikuwa anajua kila kitu, tena kwa kichwa. Lori lilifika Jumatatu asubuhi. Tela lilikuwa limebadilishwa Mombasa, hati zikabaki na namba ya tela la zamani. Magunia yalikuwa 560 ya kilo 50, na yaliyolowa ni 34. Nikamuuliza kwa nini hayo yote hayamo kwenye ripoti.

"Mwalimu, nikiandika Mombasa walikosea, watasema nimewashtaki."

Basi ukungu haukutokana na Kiswahili kibovu. Ulikuwa adabu, na kidogo hofu. Tukakubaliana kwamba ataandika ofisi au cheo, jina la mtu hapana, na ataeleza kilichofanyika bila neno la kulaumu. "Ofisi ya Mombasa ilizembea" ni shtaka. "Ofisi ya Mombasa ilibadilisha tela bila kubadilisha hati" ni habari, na mwenye ofisi hiyo hawezi kuikana.

Baada ya simu ile tuliandika hivi:

"Lori lilifika Malaba Jumatatu saa 3 asubuhi. Halikuvuka, kwa sababu namba ya tela kwenye hati haikulingana na tela lenyewe. Ofisi ya Mombasa ilikuwa imebadilisha tela Ijumaa bila kubadilisha hati. Ilituma hati mpya Jumatano saa 8 mchana, na lori likavuka saa 11 jioni. Usiku wa kuamkia Jumatano mvua ilinyesha Malaba, na maji yakapenya kwenye tundu la turubai. Magunia 34 kati ya 560 yalilowa. Msimamizi wa ghala la Namanve ameyatenga na atayapima unyevu kufikia Ijumaa. Kuanzia Jumatatu tarehe 14 karani wa Mombasa atalinganisha namba ya tela na hati kabla lori halijatoka."

Ukihesabu utakuta maneno 89. Ndiyo, yameongezeka. Watu hudhani kuhariri ni kupunguza tu, lakini ukungu huchukua nafasi ndogo kuliko ukweli. Kilichopungua ni urefu wa sentensi: ndefu kuliko zote sasa ina maneno 16. Na meneja hakurudisha swali hata moja, ila aliagiza turubai jipya, jambo ambalo ripoti ya kwanza haikumdokezea kabisa.

Kuna mawili kwenye aya hiyo ambayo hayakuja bure.

La kwanza ni muda. Rasimu mpya ya karani ilisema "usiku wa Jumanne". Kwa mzee wa Mombasa anayehesabu siku kuanzia magharibi, huo ni usiku unaotangulia Jumanne. Kwa kijana wa Kampala aliyekulia kwenye Kiingereza, ni usiku unaoifuata. Tofauti ni saa 24, na kwenye madai ya bima saa 24 ni mbali sana. "Usiku wa kuamkia Jumatano" hauna njia mbili. Vivyo hivyo na saa. Nimewahi kuona "saa 3" tupu ikisomwa kuwa alasiri, kwa sababu aliyeisoma alikuwa na taarifa ya kifaa cha kufuatilia lori mkononi, na kifaa kinahesabu kwa saa za simu. Saa ya Kiswahili iandikwe daima pamoja na asubuhi, mchana, jioni au usiku. Kama ripoti ina jedwali lililotoka kwenye kifaa, acha 09:00 ibaki 09:00, na useme juu ya jedwali kwamba hizo ni saa za kifaa.

La pili ni ule "kwa sababu". Nilipoanza kazi hii nilikuwa nakata sentensi kama mtu anayekata kuni, na viunganishi vinaanguka pamoja na maganda. Ripoti moja niliyoihariri ilisomeka: "Lori lilichelewa. Turubai lilitoboka. Magunia yalilowa." Meneja akaelewa kwamba lori lilichelewa kwa ajili ya turubai, akamkaripia dereva bure. Sentensi fupi zikipangwa bega kwa bega, msomaji huunda sababu zake mwenyewe. Kwa hiyo baada ya kukata narudi mwanzo na kuuliza kila nukta: hapa palikuwa na "kwa sababu", "hivyo" au "ingawa"? Kama palikuwepo, kinarudi, hata sentensi ikirefuka kidogo.

Mizunguko hii ina mipaka. Kuna "wa" ya kutendwa isiyo na hatia: "lori lilipimwa uzito" inatosha, hakuna anayejali ni nani aliyesimama kwenye mzani. Na kuna wakati jibu la duara halipo. Hapo neno la ukungu halibadilishwi kwa kukisia, linabadilishwa kwa kukiri: "Bado hatujui magunia mangapi yatauzwa. Msimamizi wa ghala atajibu Ijumaa." Pia sitii duara kwenye maneno ya dereva aliyenukuliwa. Akisema "mvua ilikuwa kali balaa", ibaki hivyo, ndani ya alama za kunukuu.

Mzunguko wa mwisho haunihusu mimi, maana kufikia hapo ripoti nimeshaizoea na macho yangu yanajaza mapengo yenyewe. Namtafuta mtu ambaye hakuwepo. Pale ofisini ni mlinzi wa lango, askari mstaafu ambaye Kiswahili chake cha kambini kinanizidi. Namsomea kwa sauti mara moja, bila kurudia, halafu namuuliza: nini kilitokea, nani atafanya nini, na lini?

Siku ya ripoti ya mchele aliniambia yote matatu. Kisha akaniuliza swali lake.

"Na hayo magunia 34, afande, yakionekana mabaya, nani analipa?"

Jibu halikuwemo. Nikampigia karani tena.