Poti inayotumika si poti iliyofungwa

Miongoni mwa vijana wanaojifunza kutengeneza mifumo hapa Dodoma, kauli ya kwamba seva imekataa kuwaka kwa sababu "poti imefungwa" imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeihoji, na tiba zake zimezoeleka vilevile: kuzima kompyuta na kuiwasha upya, au kuhamia poti 8001, na kesho yake 8002.

Poti ni namba tu, kuanzia 0 hadi 65535, ambayo mfumo endeshi huitumia kujua data iliyofika ipelekwe kwa programu ipi. Seva inapowaka huomba ipewe anwani na namba hiyo ili isikilize hapo, na ikiwa mchakato mwingine, yaani programu nyingine inayoendeshwa wakati huo, umekwisha kupewa, ombi hukataliwa. Node huandika `EADDRINUSE`, Python huandika `Address already in use`, na Django `Error: That port is already in use.`, lakini habari ni ileile.

Poti iliyofungwa ni kinyume kabisa cha hali hiyo. Imefungwa kwa sababu hakuna programu yoyote inayoisikiliza, na ndiyo maana kivinjari kikiiendea hukataliwa papo hapo. Poti hiyo ndiyo ambayo seva yako ingeipata bila shida. Anayechanganya mambo haya mawili huanza kuzima ulinzi wa mtandao wa kompyuta yake, ambao hauhusiki hata kidogo, wakati anachopaswa kuuliza ni mchakato upi umeishika poti.

Chukua mfano wa kijana anayetengeneza kwa Django mfumo wa kuandikisha wakulima wa zabibu, kwenye kompyuta ya Linux. Seva inasikiliza `127.0.0.1:8000`. Anataka kuizima, lakini badala ya Ctrl+C anabonyeza Ctrl+Z. Terminali inaandika `Stopped`, naye anaamini kazi imekwisha. Kumbe Ctrl+Z husimamisha mchakato bila kuuua, na mchakato uliosimamishwa haurudishi poti, kama mwenye kibanda cha sokoni aliyelala ndani yake: hauzi kitu, lakini kibanda hakiwezi kupangishwa mwingine. Dalili yake ni ya pekee. Akifungua ukurasa, kivinjari hakikataliwi, bali huzunguka tu bila jibu, kwa sababu mfumo endeshi bado unapokea miunganisho na kuipanga foleni kwa niaba ya programu isiyoamka.

Ili kumpata mshikaji, anaandika:

```
lsof -nP -iTCP:8000 -sTCP:LISTEN
```

Safu ya `PID` inampa namba ya mchakato, tuseme 4821. Sehemu ya mwisho ya amri hiyo ndiyo ambayo wengi huiacha, na madhara yake si madogo. Amri fupi `lsof -i :8000` huorodhesha kila mchakato wenye muunganisho unaohusu poti hiyo, kivinjari kikiwemo, kwa hiyo anayenakili mahali fulani amri ya kuua kila kilichotajwa anaweza kuiangusha Firefox yake pamoja na kurasa zote alizozifungua. Anayesikiliza ndiye tunayemtafuta, si anayepiga hodi. Orodha ikitoka tupu ilhali kosa linaendelea, huenda poti imeshikwa na mchakato wa mtumiaji mwingine. Hapo amri irudiwe ikitanguliwa na `sudo`, ili iendeshwe kwa mamlaka ya msimamizi.

Kisha aangalie hali ya mchakato wenyewe:

```
ps -o pid,stat,cmd -p 4821
```

Herufi `T` chini ya `STAT` inathibitisha kwamba umesimamishwa. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa kuwa `kill 4821` inaonekana haifanyi kitu: ishara ya kuuzima mchakato imefika, lakini inangoja mpaka mchakato uamshwe. Hapo hukimbilia `kill -9`, ambayo hufanya kazi, ila hainyimi programu uhai tu, bali na nafasi ya kufunga mambo yake, na seva iliyozaa michakato mingine inaweza kuwaacha watoto wakiendelea kuishika poti. Njia ya upole ni kurudi kwenye terminali ileile, kuandika `fg` ili seva irudi mbele, kisha kubonyeza Ctrl+C. Kwenye Windows, anayesikiliza hutafutwa kwa `netstat -ano | findstr :8000`, kwenye mstari wenye neno `LISTENING`, na PID huwa safu ya mwisho kulia.

Kwa hiyo ndugu zangu, kuhamia 8001 si dhambi, hasa pale poti inaposhikwa na programu nyingine unayoihitaji. Ila ikiwa aliyeishika 8000 ni seva yako mwenyewe ya asubuhi, tusiseme poti imefungwa; tuseme inatumika, na tutaje PID ya anayeitumia.